Vionjo vya kongamano: wiki mbili, na mabango yasiyosema "kesho"

Wadogo zangu mlioingia kamati ya habari mwaka huu, nimeiona kalenda yenu ya kongamano la mikoko hapa Amu. Siku kumi na nne, mabango kumi na manne, na kila bango ni sura ya mtoa mada juu ya rangi ileile ya kijani. Kila msimu wageni huanza hivyo hivyo, na kila msimu watu huacha kufungua stetasi kabla wiki ya kwanza haijaisha. Nawaomba tuipange upya, mabango hayajatoka bado.

1. Msiposti kila siku. Kongamano likiwa Alhamisi, anzeni Alhamisi ya wiki mbili nyuma: nini, wapi, lini, na kiungo cha usajili. Ijumaa nyamazeni, bango lile lisambae. Jumamosi, siku ya 12 kabla ya kongamano, tupieni watu swali: panga miti ya mikoko kutoka mwembamba hadi mnene, boriti, fito, nguzo, mazio, pau. Hapo mafundi na wakataji watabishana grupu nzima, na ubishi huo hulifikisha kongamano mahali ambapo sura ya profesa haifiki. Jibu litoke Jumapili: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Siku ya 10 ni ya safari, nitaieleza. Siku ya 7 mtoa mada mmoja tu, tena kwa sauti yake mwenyewe, nusu dakika, akisema jambo moja analokuja kulitetea. Siku ya 5 ratiba. Kisha 3, 2, 1 mfululizo. Ni vionjo tisa, na kasi inapanda mwishoni, watu wanapoamua kweli.

2. Neno "kesho" lisionekane kwenye bango lolote. Hili limetuuma. Mwaka mmoja kamati yetu ilitoa bango zuri Jumatano jioni, limeandikwa KESHO kwa herufi kubwa, bila tarehe. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, kwa hiyo aliyeifungua Alhamisi asubuhi alisoma "kesho" na siku yenyewe ilikuwa leo. Baya zaidi, picha ilipakuliwa ikatumwa magrupu ya Pate, na picha iliyopakuliwa haibebi siku ilipozaliwa. Ikazunguka Alhamisi kutwa. Ijumaa asubuhi nilikuwa ngomeni tukikunja viti, wakaingia kina mama kutoka Siyu, wanaopanda miche ya mikoko kwa mikono yao, wamevaa vizuri, mmoja ameshika simu na bango letu limefunguliwa. Akanionyesha. "Si leo, mwanangu?" Walikuwa wamelipa nauli ya boti kwa pesa yao. Mada ya upandaji ilikuwa imesomwa jana yake na watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la mikoko, na wao ndio tuliowataka waijibu.

Tangu hapo kila bango langu lina vitu viwili pamoja: "Zimebaki siku 3" na chini yake "Alhamisi", tarehe na saa. Hesabu ikichakaa, tarehe inabaki kweli. Kubalianeni pia mapema kwamba siku ya kongamano ni sifuri, maana nimeona wawili wa kamati moja wakiposti "siku 4" na "siku 5" asubuhi ileile.

3. Habari za safari zitoke siku ya 10. Mnaziweka siku ya 2 kwa sababu mnaziona kavu. Anayetoka Mombasa hukata tiketi ya basi hadi Mokowe, aombe ruhusa kazini, atafute pa kulala. Wa Pate wengi hupitia mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa chombo hakipiti, kwa hiyo saa ya kuondoka kwao huamuliwa na bahari. Angalieni kupwa na kujaa kwa siku ile, muandike boti za Faza na Siyu zitaweza kuondoka wakati gani. Kionjo hiki hakipati mioyo mingi, lakini ndicho hufuatwa na maswali ya simu, na anayeuliza boti ameshaamua kuja.

4. Orodha ya matangazo ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Bango la kwanza liombe hilo waziwazi.

5. Kila asubuhi linganisheni waliotazama na waliojisajili. Watazamaji wakishuka vionjo viwili mfululizo, badilisheni aina ya kinachofuata: kama zilikuwa picha, wekeni sauti, au mpelekeni mtu na simu akaonyeshe aina mbili za mikoko, mchu na mkandaa, zinavyotofautiana majani. Hata kionjo mlichokipanga siku ya 3 msiogope kukibadilisha. Siku ya 1 ni mlango, saa, na namba ya mtu atakayekuwa gatini kuanzia saa moja asubuhi, na mtu huyo simu yake iwe na chaji.