Usiende na picha kikaoni: nilivyompoteza shoga yangu, na nilivyompata tena

Wiki iliyopita dada mmoja ameniandikia: "Rafiki yangu anamtumia hela mwanamume ambaye hajawahi kumwona. Nikimgusia, ananuna. Nifanyeje?" Ujumbe wake umenirudisha nyuma, maana swali hilohilo liliniondolea shoga yangu wa miaka kumi na minne.

Yeye anauza vitenge Kariakoo. Ni mjane, na kwenye hesabu humdanganyi hata shilingi mia. Feisibuku akampata "daktari wa jeshi la Marekani" aliyedai yuko Syria. Baada ya miezi miwili ya mapenzi, daktari akasema ametuma sanduku lenye dhahabu na dola, likakwama uwanja wa ndege. "Wakala wa forodha" akapiga simu, lafudhi ya hapahapa mjini, akataka laki saba na nusu za ushuru. Zikaenda. Ikafuata milioni moja na laki nne, eti ya cheti cha kuthibitisha kuwa fedha ni halali. Hiyo alikopa kikoba.

Mimi nikajifanya mpelelezi. Nilipitisha picha ya daktari kwenye Google Lens, ikatokea kwenye ukurasa wa mtu mwingine kabisa, ana jina lake, mke na watoto. Nikaenda nayo kwenye kikao cha kikoba, nikaionyesha mbele ya wenzetu. Akanitazama, akasema, "Una wivu, kwa sababu wewe uliachika." Sitawadanganya, neno lile bado linanichoma. Miezi mitatu hakupokea simu yangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba tapeli alishanitangulia. Baadaye shoga yangu alinionyesha ujumbe wa zamani: "Mpenzi, wakikuona una furaha, rafiki zako watakuambia mimi ni mwongo." Kwa hiyo nilipotokea na picha yangu, nilimthibitishia kuwa daktari ni mkweli. Na ya picha ilikuwa na jibu lake tayari: matapeli wameiba sura yake! Picha isipopatikana popote nako ni balaa, maana wengine siku hizi wanatumia sura zilizotengenezwa na kompyuta, halafu shoga yako anakuambia, "Si umeona? Ni mtu halisi."

Mara ya pili nilimfuata dukani saa nane mchana, wateja wamepungua. Nilimwomba radhi kwa kumwaibisha kikaoni, na nikaishia hapo, sikuongeza "lakini". Kisha nikamuuliza wanaongea nini na huyo mwenzake. Alizungumza karibu saa nzima. Kumbe kila asubuhi jamaa alikuwa anamuuliza kama amekunywa dawa ya presha. Mimi, shoga wa miaka yote hiyo, sikuwahi kumuuliza. Ndugu zangu, tunaona hela tu na kusahau hilo.

Siku hiyo sikumgusa daktari wake hata kidogo. Nilimuuliza kitu anachokijua kama mfanyabiashara: "Ule ushuru ulilipia wapi?" Akasema kwenye namba ya simu ya wakala. Nikamwambia, "Kodi yako ya serikali si unalipa kwa kumbukumbu namba? Mwombe na yeye akupe, ulipie mwenyewe benki. Ukiiingiza, angalia jina la anayelipwa." Sikumtabiria jibu. Nikanunua doti moja nikaondoka.

Wakala akasema mfumo uko chini. Kesho yake akasema mzigo wa kijeshi hautumii namba hizo. Daktari naye akakasirika, akamuuliza kwa nini hamwamini.

Msidhani alimwacha siku ile. Wiki mbili baadaye alituma laki mbili nyingine, akaniambia mwenyewe, na nilijiuma ulimi nisimgombeze. Dada uliyeniandikia, hapa ndipo utakapotaka kusema "nilikwambia". Nyamaza! Ukimgombeza, nyingine atatuma kwa siri.

Usiku mmoja akanipigia, analia. Alitaka kufuta kila kitu, nikamzuia, kwa sababu meseji za malipo na mazungumzo ndiyo ushahidi. Tulipiga huduma kwa wateja ya mtandao wake usiku uleule kuomba muamala wa mwisho uzuiwe, lakini hela zilikuwa zimeshatolewa. Tukaripoti namba ya wakala kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, asubuhi tukaenda polisi. Hela hazijarudi, na mkopo wa kikoba bado anaulipa.

Haikupita wiki, mtu mwingine akapiga akijiita ofisa wa kurudisha fedha za waliotapeliwa, anataka elfu themanini tu za kufungua faili. Nilikuwepo dukani. Shoga yangu aliweka simu sauti ya juu, akaendelea kukunja kitenge, akamuuliza, "Kumbukumbu namba iko wapi, kaka?"

Simu ikakatwa.