Mwandikie mteja wa zamani kuhusu kosa ulilolikuta

"Nilimtengenezea mama mmoja tovuti ya hoteli yake ndogo kule Diani, na sasa ni miezi sita hatujawasiliana. Nimwandikie nini asione kama namwomba kazi?"

Ndugu yangu, kabla hujaandika lolote, fungua tovuti hiyo kwa simu na ubonyeze kila kitufe kama mgeni anayetafuta chumba. Nilipofanya hivyo kwa mteja wangu mwenye nyumba za wageni, nilikuta kitufe cha WhatsApp hakifungui mazungumzo, kwa sababu aliyebadilisha namba aliianza kwa sifuri, ilhali kiungo hicho hutaka msimbo wa nchi, bila sifuri wala alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX
```

Kichwa cha barua kilikuwa "Kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti yenu hakifunguki", na ndani niliandika: "Shikamoo Mama, habari za siku nyingi. Nimeambatisha picha ya kosa nililoliona leo pamoja na kiungo sahihi, ambacho kijana wako wa mapokezi anaweza kukibandika mwenyewe. Hakuna malipo." Sikuongeza orodha ya huduma zangu, kwani ingeugeuza msaada huo kuwa chambo.

Wapo wanaopendekeza umwandikie mteja wa zamani ukimpa punguzo la bei, na wana hoja, ila punguzo humfaa mteja ambaye tayari ana kazi ya kukupa. Usipokuta kosa lolote, usilitunge. Subiri mpaka uwe na jambo la kweli la kumwambia. Asipojibu, wenzangu wengine humkumbusha baada ya wiki mbili, lakini mimi huona ni mapema mno.