Dhiraa za Ezekieli: zidisha kwa 45 au kwa 52?

SWALI: Shikamoo mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi fundi ujenzi hapa Nkuhungu, kwenye ibada yetu ya nyumba kwa nyumba tunasoma Ezekieli 40 mpaka 43, ile hekalu anayoonyeshwa. Sasa tumegombana kwenye vipimo, mmoja anazidisha dhiraa kwa sentimita 45, mwingine 52, mwingine kapata 67, na ule uwanja mzima mmoja anasema mita 260 mwingine anasema kilometa moja na nusu. Tofauti hiyo ni kubwa mno, tushike ipi?

JIBU: Marahaba fundi, Bwana asifiwe sana. Nimefurahi mmeshika tepu na Biblia pamoja, manake hizi sura watu wengi wanaziruka wakiona namba zimejaa, na kumbe mwandishi kajitahidi kweli kweli tusipotee.

Tuanze na mkono wako. Weka kiwiko mezani, pima mpaka ncha ya kidole cha kati, hiyo ndo dhiraa ya kawaida, kwa mtu mzima inacheza kwenye sentimita 45. Tanua mkono, toka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri, nusu ya dhiraa, kama 22 hivi. Alafu banisha vidole vinne bila dole gumba, huo upana ni kiganja, sentimita saba na nusu. Viganja sita vinatoa dhiraa moja, viganja vitatu shibiri moja. Ukishika hapo umeshika karibu kila kitu.

Sasa soma 40:5 taratibu. Yule mtu anayempimia Ezekieli hekalu ana mwanzi wa kupimia wa dhiraa sita, na Ezekieli anaongeza palepale kwamba kila dhiraa ya mwanzi huo ni dhiraa na kiganja juu yake. Yaani viganja saba badala ya sita. Anarudia tena kwenye 43:13 akifika madhabahuni. Kwa iyo aliyetumia 45 ameacha kile kiganja, ndugu aliyetumia 52 yuko sawa, 45 jumlisha saba na nusu ni 52 na nusu. Na yule wa 67 nimeona alikopatia, amechukua kile kiganja akakisoma kama shibiri, 45 jumlisha 22 na nusu. Hilo kosa linatokea sana kwa sababu vyote viwili ni vipimo vya mkono na kwenye kusoma harakaharaka vinachanganyika. Utalijua kwa mwanzi wenyewe: kwa dhiraa sahihi unakuwa mita 3.15, kwa hiyo ya 67 unapita mita 4. Na ukuta wa nje unene wake mwanzi mmoja na kimo chake mwanzi mmoja, kwa iyo kosa linakuja kwenye ukuta mzima, kama sentimita 90 kila upande, na wewe fundi unajua 90 kwenye unene wa ukuta ni kitu gani.

Shibiri yenyewe ipo, lakini iko kwenye madhabahu, ule ukingo wa kuzunguka kitako kwenye 43:13. Hapo usichukue shibiri ya mkono wako ya 22, chukua nusu ya dhiraa hii ndefu, kama 26. Nasema hivo kwa sababu ukishuka mpaka mstari wa 17 ukingo wa daraja la juu anauita nusu dhiraa, yaani ndani ya madhabahu hiyohiyo anatembea na kipimo kimoja.

Mtaniuliza hiyo 45 tumeipata wapi, mikono si inatofautiana? Ni kweli inatofautiana, ila kuna sehemu tunaweza kuhakiki. Ule mfereji wa Hezekia pale Yerusalemu, wa 2 Wafalme 20:20, ndani yake yalikutwa maandishi mwaka 1880 yanayosema maji yalitembea dhiraa 1200. Mfereji wenyewe umepimwa, mita 533. Gawanya, unapata sentimita 44 na kidogo. Lakini 1200 inaonekana ni namba iliyokamilishwa, kwa iyo msiichukue kama kipimo cha maabara, inatosha kutuambia 44 au 45 haiko mbali na ukweli. Na Misri walikuwa na dhiraa ya kifalme ya viganja saba, fimbo zao za kupimia zipo mpaka leo, zinatoa 52 na kitu. Inaendana vizuri na ya Ezekieli.

Hapo tufike kwenye ugomvi wenyewe, mita 260 au kilometa moja na nusu. Hapa wala tatizo si sentimita, ni kipimo gani kinahesabiwa. Kwenye 42:16 maandiko ya Kiebrania yanataja mianzi 500 kila upande, na 500 mara 3.15 ni mita 1575. Tafsiri ya kale ya Kigiriki sehemu hiyo inataja dhiraa, na 500 mara 52 na nusu ni mita 262. Mstari wa 20 wa Kiebrania unasema 500 tu bila kutaja kipimo. Sasa tufanyeje? Tujumlishe vipande alivyotupa mwenyewe. Ingia kwa lango la kaskazini uende kusini: lango la nje dhiraa 50, ua 100 mpaka lango la ndani, lango la ndani 50, ua wa ndani 100, halafu unatoka upande wa pili, lango 50, ua 100, lango la nje 50. Jumlisha, ni 500 kamili. Jaribu mashariki kwenda magharibi: lango 50, ua 100, lango 50, ua wa ndani 100, nyumba 100, na nyuma yake ile nafasi na jengo pamoja na kuta zake 100. Tena 500. Zote ni dhiraa, na pande zote mbili zinafunga bila kubakiza hata moja. Mimi kwa hiyo nasimama na dhiraa, mita kama 260.

Wapo wasomi wanaobaki na mianzi na siwadharau, wanashika Kiebrania kama kilivyo, ila inabidi waseme kuna ukuta wa pili mkubwa huko nje mbali na ule wa 40:5, na Ezekieli hausemi popote pengine.

Msiandike 262.5 kana kwamba mmepima jana. Dhiraa ikipungua sentimita moja tu, kwenye 500 mmepoteza mita 5. Andikeni kama 260 inatosha.

Na hii ya 52 msiibebe kwenda kila kitabu. Hekalu ya Sulemani ni dhiraa 60 kwa 20, kimo 30. Kwa 45 urefu ni mita 27, kwa 52 na nusu ni 31 na nusu. 2 Nyakati 3:3 inasema ni dhiraa za kipimo cha kwanza, kile cha zamani, wengi wanaona ndo hiyo ndefu lakini hakuna mstari unaofafanua kama Ezekieli alivyofanya, kwa iyo pale toeni majibu yote mawili.

Kwa kikao chenu kijacho nunueni manila moja, chukueni milimita moja kwa dhiraa moja, ua mzima utakaa kwenye sentimita 50 kwa 50. Anzeni na ule mstari wa kaskazini kwenda kusini, kila kipande andikeni dhiraa zake pamoja na mstari wa Biblia, mita mwekeeni pembeni mkishamaliza kujumlisha, msibadilishe kipande kimojakimoja manake yale makombo ya desimali yatawavuruga. Mkifika kwenye vyumba vya pembeni vya nyumba, sura ya 41, mkikwama niandikieni, pale kuna mistari migumu kweli.