Ninakili maandishi au nipige picha ya skrini?

"Kompyuta ikinitolea ujumbe wa hitilafu, nikiomba msaada nitume picha ya skrini au ninakili maneno?"

Nakili maneno, ndugu, kila yanaponakilika. Anayekusaidia atayabandika moja kwa moja kwenye utafutaji. Ukimpa picha, itambidi aandike upya, na tarakimu moja ikikosewa anapotea: kwenye Windows, 0x80070005 ni kunyimwa ruhusa, ilhali 0x80070003 ni njia ya faili kutopatikana. Tiba zake ni tofauti kabisa.

Visanduku vingi vya ujumbe vya Windows havikubali kuteua maneno kwa kipanya, ndiyo maana watu hukimbilia picha. Bofya kisanduku chenyewe, bonyeza Ctrl+C, kisha bandika kwenye Notepad. Mara nyingi utapata ujumbe wote, hata kichwa chake. (Wengi hawaijui hii!) Kisipokubali, piga picha na uandike namba ya hitilafu pembeni.

Picha inafaa zaidi pale tatizo lenyewe ni la kuonekana, kwa mfano kitufe kimefifia au dirisha limekatika. Skrini ya buluu ipige kwa simu, maana hapo hakuna kunakili. Kabla ya kutuma, kagua kama barua pepe yako au nywila imeonekana.