Duka la marehemu baba: tulivyolithamini na kununuliana mafungu

Ndugu wengi wanaogombana juu ya biashara ya urithi hawagombanii fedha moja. Wanagombania vitu vitatu vilivyochanganywa kapu moja: jengo, biashara yenyewe, na jasho la yule anayefungua mlango kila asubuhi. Mimi nilikuwa msimamizi wa mirathi ya baba yetu, aliyeacha duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuvitenganisha vitu hivyo kabla hajatajwa mtu na fungu lake. Naandika kwa ajili ya familia zenye duka, mashine ya kusaga au gereji iliyosajiliwa kwa jina la mzee peke yake, maana ndivyo biashara nyingi zetu zilivyo.

Biashara ya namna hiyo haina hisa. Baba alikuwa na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, leseni ya halmashauri na TIN, vyote kwa jina lake. Hapo kisheria duka si kitu kinachojitegemea: ni mali ya marehemu pamoja na madeni yake, vinaingia kwenye mirathi kama kiwanja au ng'ombe. Akaunti ya benki husimama, na lipa namba iliyo kwa jina lake nayo ni hivyo hivyo. Tulifanya kikao cha ukoo, muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likatoka, nikateuliwa. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni yote, na baadaye Fomu Na. 6 ya hesabu za mgao. Miezi minne ni michache kwa duka lenye bidhaa mamia, kwa hiyo usingoje barua ya uteuzi ndipo uanze kuhesabu.

Kuhesabu ni siku moja au mbili, duka limefungwa, na wanahesabu watu watatu: anayeliendesha duka, ndugu mmoja asiyehusika nalo, na mtu wa nje anayeijua biashara hiyo. Kwetu alikuwa muuza vifaa wa mtaa mwingine. Ukichelewesha, mzigo mpya unaingia juu ya wa zamani na hakuna tena anayejua kipi aliacha marehemu na kipi kimenunuliwa baada yake.

Bei ya kuandika ni bei ambayo duka lingenunulia bidhaa hiyo leo kwa muuzaji wa jumla. Si bei ya kuuzia, kwa sababu ile faida ya juu bado haijapatikana, na atakayeipata ni atakayesimama kaunta. Si bei ya risiti ya miaka mitatu nyuma pia, maana nondo ya leo si ya juzi. Halafu pita tena rafu kwa rafu kutafuta mali iliyokufa. Mfuko wa saruji ukiubonyeza pembeni ukakuta madonge, huo hauuziki kwa bei ya saruji. Rangi iliyoganda, bati lenye kutu mgongoni, vitasa vya muundo ambao hakuna fundi anayeuomba tena, vyote vilikuwepo. Mali yetu ilifika milioni 58 kwa bei ya kununulia, tukapunguza milioni 6 za mali iliyokufa, zikabaki 52.

Daftari la madeni ndipo watu hujidanganya. La baba lilikuwa na milioni 17, nyingi za mafundi waliochukua mzigo kwa kuaminiana naye. Tuliangalia kila jina alilipa mara ya mwisho lini. Wanaolipa walau kidogo kidogo tuliwahesabu, wakafanya milioni 8. Walionyamaza zaidi ya mwaka hatukuwathamini kabisa, ila tuliandika kwamba yeyote kati yao akilipa, fedha hizo zigawanywe kwa warithi wote. Ukimlazimisha anayebaki na duka anunue madeni mabovu kwa thamani kamili, unamkata shingo mapema.

Tukaongeza guta la kubebea mizigo, milioni 4, na fedha taslimu na za benki, milioni 6. Jumla milioni 70. Tukatoa milioni 14 tulizodaiwa na wauzaji wa jumla. Zikabaki 56.

Kaka mkubwa, aliyefanya kazi na baba kwa miaka mingi, aliona hapo ndipo mwisho: 56, tugawane. Mdogo wetu wa kiume alikuja na hesabu nyingine. Alisema duka linaingiza milioni 2 kwa mwezi baada ya matumizi, basi thamani yake ni kubwa mno. Wote wawili walikuwa na hoja, na jibu lilipatikana kwa kuuliza hiyo milioni 2 ni ya nani. Baba hakujilipa mshahara wala kodi ya pango, jengo likiwa lake. Kaka akiondoka, atakayeajiriwa mwenye uwezo wa kuagiza, kudai na kusimamia vijana angelipwa kama 800,000 kwa mwezi. Fremu kama ile mtaani kwetu ilipangishwa 600,000. Toa hizo mbili, faida halisi ya biashara ni 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Hatukutegemea kumbukumbu za mtu katika kuipata hiyo milioni 2. Tulikusanya risiti za manunuzi, ripoti za mashine ya risiti, EFD, na taarifa za simu na benki, tukazilinganisha. Faida ya mwaka mmoja ndiyo tuliyokubaliana iwe thamani ya jina na wateja. Hakuna sheria inayosema mwaka mmoja, ni makubaliano tu, na kwa duka ambalo wateja wengi walimfuata mzee mwenyewe mimi nisingekubali zaidi ya hapo. Duka likawa milioni 63.2.

Kabla ya kugawa tulimuuliza mama kipi ni chake mwenyewe. Swali hili husahaulika sana. Mama wengi wametia fedha za vikoba au dhahabu yao katika duka la mume, na hicho ni haki yao kabla urithi haujaguswa. Mama alisema aliishalipwa. Gharama za mazishi zilikuwa zimelipwa, wasia haukuwepo, na sisi ni Waislamu: mke mwenye watoto ana thumni, kinachobaki mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Wanaume wawili na wasichana watatu ni sehemu saba, kwa hiyo hesabu iliangukia kwenye mafungu manane: mama moja, kila dada moja, kila kaka mawili. Fungu moja la duka ni milioni 7.9. Jengo, ambalo mthamini aliyesajiliwa alilikadiria kuwa na thamani ya milioni 120, fungu lake ni milioni 15.

Nani aliendeshe? Swali hilo hatukulipigia kura. Duka la vifaa linaishi kwa mali kauli, mzigo unaopewa leo na kuulipia baada ya wiki kadhaa. Nilikwenda kwa wauzaji wa jumla watatu waliokuwa wakimpa baba mzigo, nikawauliza kila mmoja peke yake nani miongoni mwetu wangeendelea kumwamini. Wote walimtaja kaka mkubwa. Angeshika mwingine, angelazimika kununua kwa fedha mkononi, na milioni 6 zisingetosha hata mwezi.

Kaka hakuwa na milioni 47.4 za kununua mafungu yote sita yasiyo yake, na mkopo wa benki ungelimeza duka. Mama na mdogo wetu wa mwisho, wa kike, wakaamua kubaki na mafungu yao. Mdogo wetu wa kiume, anayeishi Dar, alitaka kitu kisichohitaji kusimamiwa, akabadilishana: alimwachia kaka mafungu yake mawili ya duka, milioni 15.8, na kaka akampa sehemu ya jengo yenye thamani hiyo hiyo. Tukabaki mimi na dada mmoja wa kulipwa, milioni 15.8 tena.

Kaka aliahidi kwa moyo mweupe kumaliza kwa miaka miwili. Hiyo ni kama 658,000 kwa mwezi, na duka lina faida ya 600,000, ambayo robo yake, 150,000, ni ya mama na mdogo wetu wa mwisho. Angelipa kwa kula mtaji: rafu zingepungua taratibu, mteja wa nondo angekosa na bomba asinunue. Tulipofanya miezi 36 ikawa 220,000 kwa kila mmoja wetu, wa mwisho ukiwa 200,000. Zinatoka 440,000 katika 450,000 zilizobaki. Ni padogo, lakini mshahara wake haujaguswa. Masika ujenzi hupoa, kwa hiyo Aprili na Mei halipi, miezi inasogea mbele. Riba hatukuweka. Dada yangu aliyekuwa anajenga alichukua sehemu ya malipo yake kwa saruji na bati kwa bei ya kununulia, na hilo liliwafaa wote wawili.

Kodi ya pango inalipwa kila mwezi na kugawanywa kwa wenye jengo, kaka akiwemo kwa sehemu iliyombakia. Mshahara wake umeandikwa. Akitoa mfuko wa saruji kwa ajili ya nyumbani, unaingia daftarini kama wa mteja yeyote.

Baada ya mgao kurudishwa mahakamani na hesabu za kodi za TIN ya baba kumalizwa TRA, tulisajili kampuni: hisa 800, kaka 600, mama 100, mdogo wetu wa mwisho 100. Hapa pana mtego. Azimio maalumu la kampuni, mfano la kubadili katiba yake, hupita kwa robo tatu ya kura, na 600 katika 800 ni robo tatu kamili. Kaka angeweza kuibadili katiba hiyo peke yake kihalali. Kwa hiyo wakili alituandikia mkataba wa wanahisa pembeni: mshahara wa mwendeshaji haupandi, mkopo wenye dhamana hauchukuliwi na duka haliuzwi bila saini ya mama au ya mdogo wetu. Anayetaka kuuza hisa huwapa kwanza wenzake, kwa thamani iliyokokotolewa kama tulivyofanya mwanzo.

Mkataba wetu wa malipo, mimi na dada, unasema akikosa miezi mitatu mfululizo, nje ya masika, kiasi ambacho hakijalipwa kinarudi kuwa hisa zetu, na anakabidhi vitabu vyote vikaguliwe. Unasema pia kaka akifariki kabla ya kumaliza, kilichobaki ni deni la mirathi yake, linalipwa kabla watoto wake hawajagawana. Alisaini kifungu hicho mbele ya mkewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayehitaji kukijua.