Betri inaandika "Good" lakini simu inazima kwenye asilimia 20

*Fundi, simu yangu ina miaka miwili, betri ni 5000 mAh. Siku hizi ikifika asilimia 20 inazima. Nimebonyeza \*#\*#4636#\*#\*, inaandika Good. Fundi mmoja hapa ameniambia niiache iishe kabisa halafu niichaji saa 12 mfululizo, ikishindikana ataibusti. Nimezoea kuchaji usiku kucha kwa chaja ya haraka. Ndiko kumeiua? — Msomaji, Isevya, Tabora*

Ndugu yangu, betri hiyo usimpe mtu yeyote aibusti. Sababu nitaieleza, lakini tuanze na hilo neno Good, maana limepotosha wengi.

Good haipimi uchakavu. Simu inaangalia tu kama betri haijapata joto la hatari, haijazidishiwa volti na haijafa. Yote hayo yakiwa salama, inaandika Good, hata kama betri imebakiwa na nusu ya uwezo wake. Betri ikichakaa, ukinzani wa ndani hupanda, yaani umeme unatoka kwa shida. Simu ikiwa imetulia, volti zinatosha. Ukifungua kamera, inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka na simu inajizima. Ndiyo maana ukichomeka chaja inawaka mara moja na kuonyesha bado ina asilimia 18 au 19.

Uchakavu wenyewe unaupima hivi. Weka programu ya AccuBattery, kisha chaji kama kawaida kwa siku kadhaa, ukianzia chini ya asilimia 20 na kuvuka 80. Inahesabu mAh zilizoingia. Tuseme kutoka 15 hadi 85 zimeingia 2450. Hizo ni asilimia 70 ya betri, kwa hiyo betri nzima sasa inabeba 2450 gawa kwa 0.7, yaani 3500. Linganisha na 5000 ya kiwandani: imebaki asilimia 70. Usiamini kipimo cha siku moja, chukua wastani. Ikishuka chini ya 80 na simu inajizima, dawa ni betri mpya. Wenye iPhone hawana haja ya hesabu hii, wasome Maximum Capacity ndani ya Settings, Battery.

Kuchaji usiku hakuijazi betri kupita kiasi. Simu hukata yenyewe ikifika 100. Kinachoila ni kukaa imejaa pomoni kwa saa nyingi huku ina joto. Volti za juu pamoja na joto huharibu kimiminika cha ndani, na uharibifu huo haurudi. Sasa fikiria Oktoba hapo Tabora, mvua bado, simu iko chini ya mto ndani ya kava nene. Itoe kwenye kava, iweke sakafuni au mezani, na kama ina Battery protection au Protect battery, iwashe ili isijae hadi 100. Chaji ya haraka nayo tatizo lake ni joto. Nguvu yake kubwa iko mwanzoni, ikipita nusu simu yenyewe inapunguza, hivyo ukiwa na usiku mzima huna sababu ya kuitumia. Ukiwa na haraka itumie, ila usicheze gemu wakati inachaji.

Hilo la kumaliza chaji kisha saa 12 ni sheria ya betri za nikeli za zamani. Betri ya simu yako ni ya lithiamu, haina kumbukumbu ya kufutwa. Kuimaliza mara moja na kuijaza kunaweza kurekebisha namba ya asilimia inayoonyeshwa, basi. Uwezo uliopotea hauongezeki hata kidogo, na kuimaliza kila mara kunaichosha zaidi.

Kubusti ndiko kunakoniudhi. Fundi anachukua pawasaplai, anagusisha nyaya moja kwa moja kwenye betri iliyokufa, namba za asilimia zinarudi, mteja analipa. Betri iliyoshuka chini ya volti 1.5 hivi na kukaa hivyo, shaba ya ndani huanza kuyeyuka. Ukiilazimisha kuchaji, shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipotakiwa na inaweza kuunganisha chanya na hasi kwa ndani. Saketi ya ulinzi iliifungia kwa sababu hiyo hiyo, na huyu anairuka. Betri inaweza kukaa wiki moja vizuri, kisha ivimbe au iwake moto mfukoni au kitandani penye watoto. Aliyebusti hatakuwepo.

Betri yako haijafikia huko, imechoka tu. Ila itazame kwa ubavu: mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, au simu ikiyumba ukiilaza mezani bila kava, imevimba. Hapo izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi bapa, na usikubali mtu aitoboe kutoa hewa, kwani hewa hiyo inashika moto.