Kipi kimezimuliwa, hisa au faida?

*Kampuni imenunua kampuni ndogo kwa kuwapa wenyewe hisa mpya badala ya fedha taslimu. Mwandishi wetu ameandika "mapato ya wanahisa yamezimuliwa". Mhariri mwenzangu anataka "faida imepungua". Tuchapishe lipi?*

Msichapishe lolote kati ya hayo kabla ya kupiga hesabu, maana huenda yote mawili ni uongo. Mwandishi amechanganya vitu viwili ambavyo vinaweza kwenda njia tofauti siku ile ile, naye mhariri ametaja kitu cha tatu ambacho pengine hakikuguswa kabisa.

Tuchukue kampuni kubwa yenye hisa milioni 50 na faida ya milioni 100 kwa mwaka baada ya kodi. Sarafu iwe yoyote. Kila hisa inaangukiwa na faida ya 2. Sokoni hisa hiyo inauzwa 30, yaani mnunuzi analipa mara 15 ya faida yake. Kampuni ndogo inapata faida ya milioni 20, na sokoni yote inathaminiwa milioni 200, mara 10 ya faida. Ili wenyewe wakubali kuuza, kampuni kubwa inawaongezea juu ya bei ya soko na kutoa milioni 240. Hailipi fedha. Inachapisha hisa mpya milioni 8, kila moja kwa 30, na kuwakabidhi.

Sasa hisa zote ni milioni 58. Wanahisa wa zamani walikuwa na kampuni nzima. Leo wana asilimia 86 hivi, na zilizobaki ni za wageni. Hapa ndipo kitenzi "kuzimua" kinapokaa sawasawa. Kuzimua ni kutia maji kwenye kitu kikali ili ukali wake upungue, na hicho ndicho kilichotokea kwa fungu la umiliki na nguvu ya kura za mwanahisa wa zamani. (Wapo watakaocheka, kwa kuwa mtaani kuzimua ni ile pombe ya asubuhi ya kutuliza uchovu wa jana. Wacheke tu, neno ni letu.) Umiliki huzimuliwa kila mara kampuni inapolipa kwa hisa mpya, iwe imenunua kwa bei nzuri au mbaya. Kwa hiyo "umiliki wa wanahisa wa zamani umezimuliwa" ni sentensi salama.

Faida kwa kila hisa ni habari nyingine. Faida ya pamoja ni milioni 120, nayo inagawanywa kwa hisa milioni 58. Kila hisa inapata karibu 2.07. Ilikuwa 2. Fungu limezimuliwa, lakini faida ya kila hisa imepanda, na sentensi ya mwandishi wenu imeanguka.

Sababu yake si ya ajabu. Kampuni kubwa imelipa kwa karatasi ambayo soko linaithamini mara 15 ya faida, ikanunua faida kwa mara 12, kwa maana milioni 240 ni mara 12 ya milioni 20. Anayelipa kwa kitu ghali na kununua kitu rahisi hupata nyongeza. Ingelikubali kulipa milioni 300, ingekuwa mara 15 kwa mara 15: hisa mpya milioni 10, jumla milioni 60, na faida ya 2 ile ile. Ikipanda hadi milioni 360, hisa mpya ni milioni 12, na milioni 120 zikigawanywa kwa milioni 62 kila hisa inapata 1.94 tu. Hapo kweli faida kwa hisa imepungua.

Lakini tazama sentensi ya mhariri hata katika hali hiyo. "Faida imepungua"? Faida ya kampuni imepanda kutoka milioni 100 hadi milioni 120. Kilichopungua ni sehemu inayoangukia kila hisa. Yale maneno mawili, "kwa hisa", ndiyo yanayobeba habari yote, na ndiyo wahariri wanaopenda vichwa vifupi huyakata kwanza. Yasikatwe.

Na neno "mapato" liachwe katika habari za aina hii. Najua taarifa nyingi za hesabu huandika "mapato kwa kila hisa", lakini msomaji wa kawaida akisikia mapato hufikiria fedha zote zinazoingia kwa mauzo, kabla ya mishahara, riba na kodi. Kinachogawanywa hapa ni kile kilichobaki mwishoni. Andikeni "faida kwa hisa".

Kuna mtego mwingine mtakaokutana nao mkifungua taarifa yenyewe ya fedha. Chini ya hesabu ya faida na hasara huwa na mistari miwili: faida kwa hisa ya msingi, na faida kwa hisa iliyozimuliwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 33 kinadai yote miwili. Huo wa pili hausemi chochote kuhusu ununuzi wa kampuni ndogo. Unauliza tu: kama wafanyakazi wenye haki ya kununua hisa wangeitumia, na wenye hati za mkopo zinazoweza kugeuzwa hisa wangezigeuza, kila hisa ingebaki na faida kiasi gani? Ndiyo maana nashauri "kuzimua" lisitumike kwa athari ya ununuzi juu ya faida kwa hisa. Kazi mbili linazo tayari, umiliki na mstari huo. Kwa athari ya ununuzi, "umeongeza" na "umepunguza" yanatosha, wala hayahitaji kupambwa.

Angalieni pia faida gani inatajwa. Mnunuzi analazimika kuorodhesha mali zisizoshikika za kampuni aliyoinunua, kama mikataba ya wateja, na zile zenye ukomo wa maisha gharama yake hukatwa kwenye faida kidogo kidogo kila mwaka. Tuseme katika mfano wetu wa kwanza makato hayo, baada ya kodi, ni milioni 5. Faida inabaki milioni 115, na kila hisa inapata 1.98. Nyongeza imegeuka upungufu. Msishangae tangazo la kampuni likisema ununuzi "utaongeza faida kwa hisa iliyorekebishwa". Neno "iliyorekebishwa" mara nyingi maana yake ni kwamba makato hayo yamewekwa kando, kwa hiyo lisiondolewe kwenye nukuu.

Mwisho, kama mwandishi atashawishika kugeuza "umeongeza faida kwa hisa" kuwa "umewanufaisha wanahisa", mzuieni. Rudini kwenye bei ya milioni 240. Kabla ya ununuzi, kampuni mbili zilithaminiwa milioni 1,500 na milioni 200, jumla milioni 1,700. Kama kuungana kwao hakutaokoa gharama wala kuleta biashara mpya, thamani hiyo haina sababu ya kuongezeka. Igawanyeni kwa hisa milioni 58: kila hisa ni 29.31. Mwanahisa aliyekuwa na kitu cha 30 amepoteza kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya zile milioni 40 zilizozidi bei ya soko imeenda kwa wauzaji, ingawa faida kwa hisa yake imepanda hadi 2.07.

Kwa mfano wetu wa kwanza, bila makato, mngeweza kuandika hivi: "Ununuzi umezimua umiliki wa wanahisa wa zamani hadi asilimia 86, lakini umeongeza faida kwa hisa kutoka 2 hadi 2.07."